Doa jeupe kabla ya tobo

Habari za jioni wapendwa. Kabla ya kipindi cha kesho, turudi kwenye lile doa jeupe la jino la mbele lililotugawa juzi: wengine waliliona, wengine wakaapa hakuna kitu.

Nyote mlikuwa sahihi. Jino lilikuwa na mate. Enameli ni madini kwa takriban asilimia 96, na asidi ya bakteria ikishusha pH ya utando chini ya 5.5 hivi, madini huanza kutoka. Ajabu ni kwamba upotevu mkubwa hutokea chini kidogo ya uso, huku ngozi ya juu ikibaki nzima. Madini yaliyotoka huacha vitundu vidogo; vikijaa maji, doa hujificha. Ukipuliza hewa kama sekunde tano, linajitokeza. Likionekana baada ya kukausha tu, bado liko nusu ya nje ya enameli. Likionekana hata jino likiwa limelowa, limezama zaidi, pengine limegusa dentini.

Kwa hiyo safisha utando, tazama, kausha, tazama tena. Doa lisilong'aa, kama chaki, lenye mkwaruzo, karibu na ufizi, bado linaendelea. Lisilo na mkwaruzo na linalong'aa limetulia.

Na tafadhali, msilichokonoe kwa kichunguzi chenye ncha kali! Mkivunja ile ngozi ya juu, mmetoboa wenyewe. Tumieni chenye kichwa cha mviringo, mkipitishe taratibu.

Floraidi bado husaidia hapa. Tobo likishafunguka kwenye dentini, mpelekeni mgonjwa kwa daktari.