Barua ya wazi kwa maharusi wapya wa Umoja na Donholm: sikilizeni mnavyoitana

Wanangu,

Salamu nyingi kwenu. Kwa miaka mingi nimekaa na wachumba na waliooana karibuni katika mitaa yetu hii ya Eastlands. Wengi hunijia wakiwa tayari kuzungumzia pesa, wakwe na watoto. Mimi huanza kwa kuwauliza wanaitanaje, na jibu huja upesi: "Beibi." Nawaomba tusiishie hapo.

Beibi, switi, mpenzi, laazizi, yote ni majina mazuri, lakini ni ya kila mtu. Anayekuita hivyo angeweza kumwita hivyo yeyote aliyekutangulia, na kijana mwenye wachumba watatu hupenda beibi kwa sababu halimponyoki kwa asiyefaa. Jina linaloonyesha ukaribu ni lile lililozaliwa kati yenu wawili, lenye kisa mnachokijua nyinyi tu, na ambalo mtu wa nje akilitamka mnashtuka.

Watafiti wawili Wamarekani, Carol Bruess na Judy Pearson, waliwauliza wanandoa kuhusu maneno yao ya siri: majina ya utani, mizaha, ishara za wao wenyewe. Mwaka 1993 walieleza kwamba walioridhika na ndoa zao ndio waliokuwa na maneno hayo kwa wingi, na waliozidi wote ni wale wenye chini ya miaka mitano ya ndoa ambao hawajapata mtoto. Lakini hilo halina maana kwamba jina hujenga ndoa. Huenda ni wale wanaoelewana ndio wanaopata raha ya kubuni majina. Kama mmenuniana wiki nzima, kumbandika mwenzio jina tamu hakutawapatanisha.

Kuna jambo jingine ambalo mimi huliamini zaidi, kwa kuwa naliona kila siku. Roger Brown na Marguerite Ford walichunguza jinsi Wamarekani wanavyoitana, na mwaka 1961 wakaandika kwamba watu walio karibu sana huitana kwa majina mengi, wakihama kutoka hili hadi lile. Mke huyo huyo atamwita mumewe jina la utani jikoni, Baba Fulani mbele ya wageni, na jina lake kamili la kwenye kitambulisho siku amemuudhi. Kwa hiyo msihesabu utamu wa jina moja. Tazameni kama majina bado ni mengi, na lipi limeacha kusikika.

Niwape mfano wa wenzi walionikubalia niusimulie, mradi nisiwataje. Mume ni Mjaluo wa Ugenya, mke Mgiriama wa Kilifi. Walijuana ndani ya matatu. Konda alidai nauli, simu ya kijana ikagoma, binti akamlipia. Kijana akaapa kwamba atarudisha na riba, na tangu siku hiyo binti akawa anamwita Tajiri, naye akamwita binti Benki. Walioana wakiitana hivyo.

Akoth alipozaliwa, mama mkwe alikuja kutoka Ugenya kumlea mzazi. Mbele yake yule binti akaanza kumwita mumewe Baba Akoth, kama alivyofunzwa kwao. Mume naye akamwita mkewe Nyar Kilifi, binti wa Kilifi. Mama mkwe akarudi Ugenya, lakini majina ya zamani hayakurudi. Walipofika kwangu mke alisema, "Ananiita kwa mahali nilikotoka, kama mgeni aliyepita tu." Mume akasema, "Ananiita vile watoto wa jirani wanavyoniita."

Hapo ndipo lugha mbili zilipokuwa zinapishana. Kwa Wajaluo, mke kuitwa kwa alikozaliwa ni heshima. Anayekuita Nyar Kilifi anatambua kwamba una kwenu, una watu, hukuokotwa njiani, na jina hilo huweza kutamkwa kwa mahaba mengi. Na kwa mke wa Pwani, kutolitaja jina la mume mbele za watu ni kumpandisha cheo. Wala si sisi tu tunaowaita wazazi kwa watoto wao. Wajapani wengi wakishapata watoto huitana baba na mama hata wao kwa wao, na Waarabu wana Abu na Umm zao. Kila mmoja alikuwa anampa mwenzake heshima ya kwao, na mwenzake akaisikia kama baridi.

Lakini kuwafafanulia hilo hakukutosha. Nilimpa kila mmoja karatasi yake, nikamwomba aandike kwa siku saba: ameniita nani, tulikuwa wapi, nani alikuwa karibu, sauti ilikuwaje. Karatasi ziliporudi, za wote wawili zilikuwa na pengo mahali pamoja. Mbele ya watu, Baba Akoth na Nyar Kilifi walijaa tele. Wakiwa peke yao usiku, mke alikuwa ameandika "wewe" na "sikia", mume "sasa" na "eti". Jina la heshima halikuwa kosa hata kidogo. Ugonjwa ni kwamba chumbani hapakubaki jina lolote.

Nikamuuliza mke Tajiri alikwenda wapi. Akanyamaza, kisha akasema shemeji yake alilisikia akaliokota. Katika mchango mmoja wa familia shemeji huyo alisema mbele ya wote, "Tajiri, wewe unatoa ngapi?" Watu wakacheka, mumewe akainamisha kichwa, na wakati huo kazi ilikuwa haba. Tangu siku hiyo mke hakulitamka tena ili asimchome, ila hakumwambia. Mume naye akadhani mkewe amelichoka. Jina la siri likitoka nje hubeba maana ya waliolichukua, na mara nyingi haliponi. Lao halikupona. Wamepata jingine, sikuuliza ni lipi.

Kuhusu majina ya kutaniana kwa maumbile, kama Kibonge au Mweusi, nimeona yakileta furaha na nimeona yakiliza watu. Waspanyola na Walatino humwita mpenzi gordo, yaani mnene, naye akaitika kwa tabasamu, lakini kwao neno hilo limezoeleka hivyo. Hapa kwetu tazameni kama mwenye jina hulitumia yeye mwenyewe, akajisaini nalo kwenye ujumbe. Kama hucheka mbele za watu kisha akawa mkimya njiani mkirudi nyumbani, liacheni siku hiyo hiyo, bila kumwambia kwamba ni mzaha tu.

Na kwa nyinyi mnaooa nje ya kabila lenu, ulizaneni kabla ya harusi: kwenu mke huitwaje mbele ya mkwe, na mume je? Jina gani ni la hasira? Baba yako alimwita mama yako nani mlipokuwa watoto mnasikiliza? Swali hili la mwisho huleta mengi, kwa sababu wengi wetu jina la mapenzi tulilisikia kwanza kwa wazazi, au hatukulisikia kabisa, na aliyelelewa katika nyumba isiyokuwa nalo huona haya kulitamka hata akipenda kwa moyo wote. Mpeni muda, msimlazimishe.

Wale wa darasa la Jumamosi, andikeni karatasi za siku saba kila mtu peke yake, wala msionyeshane kabla hamjafika. Waliokwisha kupata mtoto waongeze safu moja: kabla hajazaliwa tulikuwa tunaitanaje.

Ni mimi nyanya yenu,
Umoja, Nairobi