Barua ya wazi kwa wanachama wetu waliofanya kazi Uingereza: mmepishana mwaka mmoja, pensheni miaka mitatu na nusu

Wanangu na wadogo zangu,

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Yaliyotokea kwenye kikao cha chama kule Tudor yamenifikia. Wawili wenu, wanawake waliosomea uuguzi pamoja na kufanya kazi miaka mingi wodi moja huko Uingereza, wametupiana maneno mbele za watu. Mdogo anadai mkubwa alichezea tarehe yake ya kuzaliwa ili alipwe mapema. Mkubwa naye anajibu kwamba mdogo hakulipa michango yake ndiyo maana alicheleweshwa. Nimewaita wote wawili nyumbani, nikaziona karatasi zao, na wameniruhusu niandike tarehe zao bila majina. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyekwepa kulipa. Sheria ndiyo iliyowapitia katikati.

Mkubwa alizaliwa tarehe 10 Machi 1953. Pensheni yake ya serikali ilianza tarehe 6 Machi 2016, siku chache kabla hajatimiza miaka 63. Mdogo alizaliwa tarehe 10 Machi 1954, na yake ilianza tarehe 6 Septemba 2019, akiwa na miaka 65 na karibu nusu. Wamepishana mwaka mmoja kuzaliwa, wakapishana miaka mitatu na nusu kulipwa. Mtu asiyejua chanzo chake lazima atafute mchawi.

Chanzo ni hiki. Tangu mwaka 1940 wanawake wa Uingereza walikuwa wakilipwa wakifika miaka 60 na wanaume 65. Mwaka 1995 Bunge lao likapitisha sheria ya kuwasawazisha, wote wawe 65. Hawakutaka kufanya hivyo kwa usiku mmoja, kwa hiyo wakapanga ngazi za kuanzia Aprili 2010 hadi 2020. Aliyezaliwa kabla ya tarehe 6 Aprili 1950 hakuguswa. Mimi ni wa 1947, nikalipwa nilipotimiza 60, na ndiyo maana sikuwahi kuyafuatilia haya mpaka yalipowapata nyinyi. Waliofuata, kila mwezi waliochelewa kuzaliwa uliongeza mwezi mmoja katika umri wa kusubiri.

Sasa tuwahesabie hawa wawili. Mdogo amechelewa kuzaliwa miezi 12, basi hata bila sheria yoyote angelipwa miezi 12 baada ya mwenzake. Ngazi za 1995 zikamwongezea miezi mingine 12. Angeanza kulipwa tarehe 6 Machi 2018, na hiyo ndiyo tarehe aliyokuwa akiipangia maisha yake. Lakini mwaka 2011 serikali mpya iliyotaka kupunguza matumizi ikaharakisha mambo: wanawake wafike 65 ifikapo Novemba 2018 badala ya 2020, kisha wote, wake kwa waume, wapande hadi 66 ifikapo Oktoba 2020. Waliozaliwa kama yeye, mapema mwaka 1954, ndio walioumia zaidi. Muswada ulitaka kuwaongezea hadi miaka miwili, kelele zikapigwa, ikapunguzwa ikawa isizidi miezi 18. Mdogo wenu aliipata yote 18. Jumlisha 12, 12 na 18 utapata miezi 42, ambayo ndiyo ile miaka mitatu na nusu.

Mkubwa aliponea chupuchupu, kwa sababu sheria ya 2011 ilianza kuwagusa waliozaliwa kuanzia tarehe 6 Aprili 1953. Lakini kuna jambo alilolisahau alipokuwa akijitapa. Kulipwa kabla ya tarehe 6 Aprili 2016 kulimwacha katika mfumo wa zamani, ambao pensheni kamili ya msingi mwaka ule ilikuwa pauni 115.95 kwa wiki. Mdogo aliingia mfumo mpya, ambao kiwango kamili mwaka 2019 kilikuwa pauni 168.60. Hakukipata chote, maana wauguzi wengi wa hospitali za serikali kule walilipa michango pungufu kwa kuwa walikuwa na pensheni ya kazini, na hilo hukatwa kwenye hesabu. Hata hivyo miezi ile 18, kwa mwenye kiwango kamili, ni zaidi ya pauni 12,000 zisizorudi.

Mimi naona kusawazisha kulikuwa haki. Huku kwetu serikali ilipopandisha umri wa watumishi wake kutoka 55 hadi 60 mwaka 2009, ilipandisha kwa wote sawa, na sikumsikia mtu akidai wanawake wabaki nyuma. Kosa la Waingereza lilikuwa mwendo na taarifa. Sheria imepita 1995, lakini barua za kumwambia kila mwanamke kwa jina lake zilianza Aprili 2009. Mchunguzi Mkuu wa malalamiko wa Bunge lao alisema zingepaswa kuanza Desemba 2006, yaani zilichelewa miezi 28. Na barua ya serikali hutumwa kwenye anwani iliyo kwenye daftari. Ikifika chumba ulichopanga London nawe umesharudi Likoni, umeandikiwa lakini hukuambiwa.

Machi 2024 Mchunguzi huyo alipendekeza kila aliyeathirika alipwe kati ya pauni 1,000 na 2,950. Desemba mwaka huo serikali iliomba radhi kwa barua zilizochelewa, ikakataa kulipa. Kwa hiyo huyo kijana anayezunguka na fomu za fidia akidai ada ya kuzipeleka, mwambieni aende zake. Hakuna fomu ya fidia. Msimpe namba zenu za Bima ya Taifa wala nakala za pasipoti.

Waliozaliwa 1960 na mwanzoni mwa 1961, sasa ni zamu yenu, na safari hii wanaume nao wamo. Umri unapanda kutoka 66 hadi 67 kwa ngazi za mwezi mmoja mmoja, kwa waliozaliwa kati ya tarehe 6 Aprili 1960 na 5 Machi 1961. Kwa mfano, aliyezaliwa tarehe 20 Julai 1960 umri wake wa pensheni ni miaka 66 na miezi minne, basi tarehe yake ni 20 Novemba 2026. Aliyezaliwa kuanzia tarehe 6 Machi 1961 hadi 5 Aprili 1977 atangoja 67 kamili. Msiulizane wenyewe kwa wenyewe, kwani mwenzako wa darasa moja si lazima awe wa ngazi moja nawe. Ingieni gov.uk, mtafute ukurasa wa "Check your State Pension age", muweke tarehe iliyo kwenye pasipoti.

Pensheni hii haiji yenyewe, lazima uiombe. Mlioko huku mnaomba kwa Kituo cha Pensheni za Kimataifa, na mnaweza kuanza miezi minne kabla ya tarehe yenu. Ukichelewa, unaweza kuomba malimbikizo ya nyuma, lakini hayazidi miezi 12. Na mnaopanga kurudi Mombasa mjue kwamba Kenya imo katika nchi ambazo Uingereza haipandishi pensheni kila mwaka. Kiasi utakachoanza nacho ukiwa huku ndicho utakachobaki nacho. Aliyeanza 2007 na pauni 87.30 bado anapokea 87.30, wakati mwenzake aliyebaki kule alifika 176.45 mwaka 2025.

Wawili wale wameshapatana, walikula wali pamoja hapa kwangu. Wenye tarehe za 1960 na 1961 nipitieni Jumamosi baada ya alasiri, kila mmoja na pasipoti yake na namba yake ya Bima ya Taifa. Mjukuu wangu atakuwepo na kompyuta.

Bibi yenu,
Kibokoni, Mombasa