Barua ya Malalamiko: Saa Iliyobadilishwa Betri Ikafungwa Bila Kuzibwa

Tanga,
3 Februari 2025.

Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: SAA YANGU KUINGIA MAJI BAADA YA KUBADILISHIWA BETRI KATIKA DUKA LENU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni muuguzi. Saa ninayoilalamikia nimeivaa miaka tisa, na kwa mshale wake wa sekunde nimehesabu mapigo ya moyo ya wagonjwa wengi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Ni saa ya betri, ya chuma, yenye kifuniko cha nyuma cha kuzungusha, na mgongoni imeandikwa kwamba inastahimili maji kwa baa 10. Mwanzoni mwa Januari mshale wa sekunde ulianza kuruka sekunde mbili mbili kwa mkupuo. Saa hii imetengenezwa hivyo ili kumjulisha mwenyewe kwamba betri inakaribia kuisha. Basi Ijumaa ya tarehe 10 Januari nikaileta kwenu.

Kazi ilichukua kama dakika kumi. Nilikuwa nimesimama kaunta na niliona. Kijana wenu alifungua kifuniko, akatoa betri kwa kibano, akaweka mpya, akatazama mshale ukitembea vizuri, akafunga. Nililipa shilingi 20,000. Nilimuuliza kama naweza kuendelea kuogelea nayo, akanijibu, "Hamna shida mama, hiyo ni ya maji." Jibu hilo ndilo lililoniponza.

Jumapili ya tarehe 19 niliwapeleka wajukuu baharini Raskazone. Tulikaa mchangani juani karibu saa nzima, kisha nikaingia majini, maji ya kifuani, si zaidi. Jioni kioo kilikuwa na ukungu kwa ndani. Asubuhi yake saa ilikuwa imesimama.

Nilirudi kwenu tarehe 21. Nikaambiwa mambo mawili: kwamba saa ni ya zamani, na kwamba niivute ile kokwa ya pembeni ya kurekebishia saa, niianike juani hadi ukungu utoke. Sikukubaliana na la kwanza, na la pili lingeimaliza kabisa. Jua linaondoa ukungu, haliondoi chumvi. Chumvi ya bahari inabaki juu ya mashine na kuendelea kula chuma, na koili ya saa ya betri ina waya mwembamba kama unywele.

Tarehe 25 nilimpelekea fundi saa mmoja hapa mjini, nikamwomba afungue mbele yangu. Naomba msome kwa makini alichokikuta, kwa sababu malalamiko yangu yote yamo humo.

Chini ya kifuniko cha nyuma kuna raba ya mviringo, ile ambayo mafundi huiita oringi. Hukaa kwenye mfuo wake, na kifuniko kinapokazwa huibana kidogo ikajaza nafasi iliyopo kati ya chuma na chuma. Raba hiyo ndiyo inayozuia maji. Kifuniko peke yake hakizuii. Yangu ilikuwa kavu kabisa, imelala bapa kama utepe, ilhali raba nzima unene wake ni wa duara. Upande wa namba 6 ilikuwa imetoka kwenye mfuo, ikabanwa na kifuniko na kukatwa kiasi cha punje ya mtama. Ndani ya mfuo, upande ule ule, mlikuwa na uzi wa kitambaa. Kutu ilianzia palepale kwenye mkato na kuelekea katikati. Pembeni kwenye kokwa hapakuwa na kutu, wala ukingoni mwa kioo. Kwa hiyo maji hayakuingia kwa sababu ya uzee wa saa. Yaliingia pale mkono wenu ulipopita.

Fundi alinieleza pia jinsi raba inavyokatika namna ile. Kifuniko cha kuzungusha husuguana na raba kila kinapokazwa. Raba iliyopakwa grisi ya silikoni, kiasi kidogo tu cha kuifanya ing'ae, huteleza ikabaki mahali pake. Raba kavu hung'ang'ania kifuniko, ikaburutwa, ikajikunja na kutokeza nje ya mfuo, halafu meno ya kuzungushia ya kifuniko yanaikata. Aliyeshika ufunguo hahisi chochote. Kifuniko kinakaza kama kawaida. Ndiyo maana kukaza sana hakuthibitishi kwamba saa imezibwa.

Mfanyakazi wenu mwingine aliniambia kwa simu kwamba maji ya kifuani si kitu kwa saa ya baa 10, kwa hiyo lazima nilipiga mbizi. Sikupiga mbizi. Ni kweli kwamba baa 10 ni mgandamizo unaolingana na wa maji ya kina cha mita 100, na kwamba maji ya kifuani hayafikii hata sehemu ya hamsini ya hapo. Lakini kipimo hicho kinahusu saa iliyozibwa. Saa yangu ilikuwa na tundu. Tena ilikuwa imepata joto la jua mkononi. Ilipoingia kwenye maji ya baridi zaidi, hewa ya ndani ilisinyaa na kuyavuta maji kupitia mkato ule. Saa yenye tundu haihitaji kina ili iingie maji.

Nilichotegemea kwenu ni hiki: mngesafisha mfuo, mngeweka raba mpya ya kipimo chake, mngeipaka grisi, mngefunga, kisha mngepima. Mashine ya kupimia mnayo, nimeiona kwenye kabati la kioo nyuma ya kaunta. Saa hufungiwa ndani yake, hewa ikasukumwa kwa nguvu, na mashine ikasoma jinsi kasha la saa linavyobonyea. Kasha likibonyea na kubaki hivyo, limeziba. Likianza kurudi taratibu wakati hewa bado inasukuma, hewa inapenya. Maji hayagusi saa kabisa, hivyo hata ikifeli haiharibiki. Yule fundi wa hapa hana mashine hiyo, na alinitamkia wazi kwamba hata akiweka raba mpya hawezi kunihakikishia kuogelea, maana raba za kokwa na kioo nazo zina miaka tisa na hazionekani kwa macho. Ninyi wenye mashine hamkunitamkia lolote la namna hiyo.

Kama mngeniambia siku ile, "Mama, tumebadilisha betri tu, hatujapima, usiiingize majini," ningeivua ufukweni na leo ingekuwa inatembea.

Ninaomba mfanye yafuatayo ndani ya siku 14 tangu mpokee barua hii. Mbadilishe mashine ya saa kwa gharama zenu, pamoja na raba za kifuniko, kokwa na kioo, kisha mnipe matokeo ya kipimo kwa maandishi, yakionyesha imepimwa kwa baa ngapi. Ikiwa mashine ya aina hiyo haipatikani, mnilipe thamani ya saa na mnirudishie shilingi 20,000. Na kuanzia sasa risiti zenu za betri zionyeshe kama raba imebadilishwa na kama saa imepimwa. Nisipopata jibu, nitalipeleka suala hili Tume ya Ushindani.

Naambatanisha nakala ya risiti ya tarehe 10 Januari na picha nne zilizopigwa saa ilipofunguliwa. Raba iliyokatika ninayo, nimeihifadhi kwenye bahasha. Sitaituma kwa posta. Nitakuja nayo mwenyewe siku mtakayonipangia.

Wako,

Mteja wenu, Muuguzi,
Tanga.