Salamu za Noeli: "Atamwita" au "watamwita"?

Heri ya Noeli, wapendwa, mlioko nyumbani na mliobanana kwenye mabasi mkielekea kwa wazee.

Juzi binti wa dada yangu alikuwa jikoni akifanya mazoezi ya masomo ya mkesha, mchele wa pilau ukiwa bado kwenye ungo. Akasoma Isaya 7:14: "naye atamwita jina lake Imanueli." Akageukia Mathayo 1:23: "nao watamwita." Akauliza, "Mjomba, sasa ni nani anayemwita?" Swali zuri kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia.

Kiebrania cha kale kiliandikwa bila irabu. Neno hilo la kuita katika Isaya limeandikwa kwa konsonanti tu, na mwisho wake ni t. Ukilitia irabu kwa namna moja, ni mama anayeita: "naye atamwita." Ukilitia kwa namna nyingine, linakuwa "nawe utamwita." Wayahudi waliotafsiri Isaya kwa Kigiriki, kabla ya Kristo, walilisoma kwa namna hiyo ya pili, kama kwamba anaambiwa mfalme Ahazi. Katika gombo kubwa la Isaya lililopatikana Kumrani mwaka 1947, ile t haipo kabisa, na neno linaweza kusomeka "mtu atamwita."

Mathayo aliandika Kigiriki, na neno lake "bikira" ndilo lililomo katika tafsiri ile ya Kigiriki: parthenosi. Isaya alisema alma, ambalo mimi ningelisogeza karibu na neno letu "mwanamwali": msichana aliyekwisha kukomaa, bila neno lenyewe kusema zaidi ya hapo. Biblia yetu ya Muungano imeandika "bikira" pande zote mbili, kwa hiyo tofauti hiyo msomaji wetu haioni. Ya "atamwita" inaonekana kwa sababu viambishi vyetu havifichi mtendaji.

Lakini kwenye kuita, Mathayo hakufuata Kiebrania wala Kigiriki. Kwa nini? Tazama mstari wa 21: malaika amekwisha kumwambia Yosefu, "nawe utamwita jina lake Yesu," na katika mstari wa 25 Yosefu anafanya hivyo. Angeacha "utamwita" tena hapa, Yosefu angeonekana kupewa majina mawili ya mtoto mmoja. Nami naona kuna zaidi. Mstari huo wa 21 unataja "watu wake" atakaowaokoa, na hao ndio wanaofaa kuwa "wao" wa mstari wa 23. Nyumbani mtoto anaitwa Yesu, nao waliookolewa wanamwita Imanueli, yaani Mungu pamoja nasi.

Nilimjibu binti yetu hivyo, kwa kifupi, maana vitunguu vilikuwa vinaungua. Akasema, "Basi kwenye 'nao' nitainua macho niwatazame watu." Mkesha ni saa tatu usiku, njooni mapema mpate viti.