Barua ya kazini ukiwa na risiti ya famasi tu

Dada Neema,

Salamu kutoka Arusha. Nashukuru tumbo limetulia. Sasa tuje kwa huyo bosi anayedai ED, karatasi ya daktari ya kukupumzisha kazi, kwa Jumanne na Jumatano ulizokosa kazini, wakati wewe una risiti ya famasi peke yake.

Isome risiti kama atakavyoisoma mtu wa utumishi. Kuna jina la duka, tarehe, saa, ORS, panadoli na bei. Jina lako halimo, ugonjwa haumo. Inaonyesha tu kwamba Jumanne asubuhi kuna mtu alinunua dawa hizo. Kwa hiyo usiiite "uthibitisho wa ugonjwa", maana utampa sababu ya kuikataa barua nzima. Wala usitaje taifodi au amiba, hukupimwa. Jumatano nayo risiti haiifikii kabisa. Siku hiyo inabebwa na meseji uliyomtumia msimamizi, basi itaje.

Mimi ningeandika hivi:

"YAH: KUTOKUWEPO KAZINI JUMANNE NA JUMATANO

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Usiku wa kuamkia Jumanne nilianza kuharisha na kutapika. Asubuhi nilinunua ORS na panadoli. Nakala ya risiti naambatanisha. Jumatano bado nilikuwa dhaifu, nikamjulisha msimamizi kwa meseji saa 1 asubuhi. Sikwenda hospitali, hivyo sina cheti cha daktari. Naomba siku hizo zihesabiwe likizo ya ugonjwa. Isipowezekana, zikatwe kwenye likizo yangu ya mwaka."

Usiifute ile sentensi ya kutokwenda hospitali. Najua inauma kuiandika, lakini atauliza tu, na ni afadhali aikute kwako.

Ombi la mwisho nimeliweka kwa sababu ya sheria. Kifungu cha 32 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakupa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, na 63 za kwanza ni kwa mshahara kamili. Ila mwajiri halazimiki kulipa usipoleta cheti cha daktari. Akikulipa kwa risiti, amekubali kwa hiari yake. Akikataa, likizo ya mwaka inaokoa mshahara wako.

Kuna watakaokushauri umtafute daktari akuandikie ED ya Jumanne iliyopita. Usithubutu. Daktari anaweza kuandika alichokiona siku uliyofika kwake na maelezo uliyompa, basi. Karatasi ya tarehe ya uongo inageuza siku mbili za kuumwa kuwa kesi ya kughushi.

Risiti itoe kopi leo, maandishi ya mashine zile hufifia upesi. Barua chapa nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokelewa ubaki nayo.

Msalimie mama.

Wako,
Ester