Kihehe na Kibena havitenganishwi kwa rula

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu ramani ya lugha mliyochapisha, inayotenganisha Kihehe na Kibena kwa mstari mmoja. Kutoka Iringa kwenda Njombe, kijiji huelewana na jirani yake. Matamshi na maneno hubadilika kidogo kidogo. Lakini mkutanishe Mhehe wa Iringa na Mkinga wa Makete, mbele zaidi ya mji wa Njombe, kila mmoja aseme cha kwao: watakimbilia Kiswahili, nacho huficha pengo lenyewe.

Napendekeza watafiti warekodi masimulizi mafupi kijiji hadi kijiji, wawasikilizishe watu wa mbali, kisha wawaulize maswali. Wapime pande zote mbili, tena kwa wasiowahi kuishi ugenini. Aliyeoa huko ataelewa kwa mazoea tu, na matokeo yatadanganya.

Msomaji wenu,
Mafinga