Kwa Nini Vyuma Vizito Havitanyanyuliwa Tena Ukumbini Baada ya Saa Tatu Usiku

Kuanzia mwezi ujao, ukumbi wetu wa mazoezi hapa Majengo, Moshi, utaendelea kufungwa saa nne na nusu usiku kama kawaida, lakini seti nzito za skwati, za kunyanyua chuma kutoka sakafuni na za kukimbia kwa kasi kwenye mashine zitakoma saa tatu kamili. Baadhi ya wateja wetu wameuliza kama tunapunguza huduma. Ratiba hii inahusu usingizi, na tunaona ni haki yenu kupewa maelezo kamili ya sababu zake, kwa kuwa ninyi ndio mnaolipia mazoezi haya na ndio mnaotarajia misuli ijengeke.

Tuanze na kile kinachotokea baada ya kuweka chuma chini. Mazoezi mazito huacha michubuko midogo ndani ya nyuzi za misuli na kuuamsha mwili uanze kutengeneza protini mpya kwa kasi kuliko kawaida. Kazi hiyo haimaliziki ukumbini, bali huendelea kwa saa 24 hadi 48, na kwa mtu anayeanza mazoezi inaweza kuchukua muda mrefu zaidi. Kwa hiyo usiku mmoja au miwili baada ya mazoezi ya miguu imo ndani ya kipindi hicho, na jinsi unavyolala huamua sehemu ya faida utakayoipata kwa jasho ulilolitoa.

Wengi wetu tumesikia kwamba homoni ya ukuaji hutoka saa nne usiku, na kwamba anayechelewa kulala ameikosa. Maelezo hayo si sahihi. Kiasi kikubwa cha homoni hiyo hutolewa muda mfupi baada ya mtu kushikwa na usingizi mzito wa mwanzo, kwa hiyo hata anayelala saa saba usiku huipata kwa sehemu kubwa. Zaidi ya hayo, homoni hiyo kwa kiwango chake cha kawaida husaidia zaidi kano na tishu zinazoshikilia misuli kuliko misuli yenyewe. Hasara ya kuchelewa iko kwingine, nayo ni kupungua kwa jumla ya saa za kulala, kwa sababu muda wa kuamka haubadiliki. Daladala na soko havimsubiri mtu aliyechelewa kulala, wala mtoto wa shule hamsubiri mzazi wake.

Upungufu huo wa saa umepimwa. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021 nchini Australia, vijana 13, wanaume kwa wanawake, walikeshwa usiku mmoja mzima, kisha vipande vidogo vya misuli yao vikachunguzwa. Utengenezaji wa protini katika misuli ulikuwa umeshuka kwa asilimia 18, kotisoli, yaani homoni inayochochea uvunjaji wa misuli, ilikuwa imepanda kwa asilimia 21, na testosteroni ilikuwa imeshuka kwa asilimia 24. Ni kweli kwamba wateja wetu hawakeshi, na kundi la watu 13 ni dogo. Hata hivyo, utafiti mwingine wa mwaka 2020, uliowapa vijana wa kiume saa nne tu za kuwa kitandani kwa usiku tano mfululizo, nao ulikuta utengenezaji wa protini za misuli umepungua. Ndani ya utafiti huohuo kuna jambo ambalo kila mfanyabiashara wa soko anapaswa kulijua: wale waliofanya mazoezi makali ya muda mfupi katika siku hizo za usingizi haba hawakupata upungufu huo. Kwa maana hiyo, hatusemi kwamba aliyelala kidogo akae nyumbani. Mazoezi humlinda, lakini anayeyafanya kwa ajili ya kuziba pengo la usingizi hawezi kutarajia kupiga hatua sawa na aliyelala vya kutosha.

Sasa tufike kwenye usiku wenyewe. Mazoezi ya jioni kwa ujumla hayaharibu usingizi, na hilo tunalisema wazi ili asiwepo anayeacha kuja baada ya kazi. Uchambuzi wa tafiti 23 uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha hivyo, isipokuwa pale mazoezi makali yanapomalizika chini ya saa moja kabla ya kulala. Utafiti mkubwa zaidi wa mwaka 2025, uliotumia vifaa vya kuvaa mkononi kwa zaidi ya watu 14,000, uliona kwamba kadiri mazoezi yanavyokuwa magumu na kadiri yanavyosogea ndani ya saa nne za mwisho kabla ya kulala, ndivyo usingizi unavyochelewa na kupungua. Tofauti ya matokeo haya inaeleweka, kwani saa moja na nusu ya skwati nzito haifanani na dakika 30 za baiskeli ya mwendo wa wastani.

Sababu za mwili ziko wazi. Ili usingizi uje, joto la ndani ya mwili linapaswa kuanza kushuka, lakini mazoezi mazito hulipandisha kwa nyuzi moja au zaidi, na hapa Moshi katika Januari na Februari, ndani ya chumba chenye bati lililochemka mchana kutwa, joto hilo huchelewa kuondoka. Moyo nao hubaki ukienda mbio kuliko kawaida kwa muda mrefu baada ya seti ya mwisho, kwa sababu mfumo wa neva bado haujatulia. Ndiyo maana mtu anaweza kuchoka mwili mzima na bado akajigeuzageuza kitandani. Ukitaka kujua hali yako, hesabu mapigo ya moyo kwa dakika moja nzima asubuhi kabla ya kuinuka, kwa siku kadhaa, ili upate kawaida yako. Kisha hesabu tena usiku unapojilaza. Ukumbini kwetu tunachukulia kwamba yakizidi kawaida hiyo kwa mapigo kumi au zaidi, mwili bado haujatulia.

Mteja wetu mmoja mwenye duka la nafaka Mbuyuni ameturuhusu tueleze habari zake bila kumtaja jina. Alikuwa akifunga duka saa kumi na mbili jioni, anakwenda nyumbani Kiborloni, anakula wali na maharage hadi kushiba, anapumzika, kisha anakuja ukumbini saa mbili na nusu usiku. Katikati ya mazoezi alikuwa na desturi ya kunywa kinywaji cha kuongeza nguvu. Alimaliza saa nne na robo, akafika nyumbani, akaoga maji ya baridi, akashika simu, na usingizi ukamjia kuelekea saa saba. Saa kumi na moja alfajiri alikuwa ameamka kupokea magunia. Hizo ni saa nne na dakika chache za kulala, siku nne kwa wiki.

Dalili alizotuletea hazikuwa na neno usingizi ndani yake. Alisema miguu inamuuma hadi siku ya nne baada ya skwati, na kwamba kwa miezi hajaweza kuvuka kilo 90 kwa marudio matano. Alidhani anahitaji unga wa protini na alitaka tumshauri aina. Kocha wetu alimpa daftari badala yake, na kwa wiki mbili akaandika saa ya kumaliza mazoezi, saa ya kulala, saa ya kuamka na mapigo ya asubuhi. Mapigo yake yalikuwa juu kila asubuhi iliyofuata usiku wa mazoezi, na yalishuka Jumapili na Jumatatu tu, baada ya siku alizokuwa hakufanya mazoezi.

Mabadiliko yalikuwa machache. Saa kumi na moja jioni, akiwa bado dukani, sasa anakula ndizi mbili za kuiva na kunywa maziwa, kisha anakuja moja kwa moja kutoka Mbuyuni na kuanza saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano. Anamaliza saa mbili usiku. Skwati nzito tulizihamishia Jumamosi alasiri, na siku za kazi akabaki na mazoezi ya kifua, mgongo na mabega yenye uzito wa kati. Kinywaji cha kuongeza nguvu kiliondolewa kabisa, kwa sababu nusu ya kafeini iliyomo huwa bado imo mwilini baada ya takriban saa tano, na chai ya rangi au kahawa nayo anaimaliza kabla ya saa tisa alasiri. Nyumbani anaoga maji ya uvuguvugu, ambayo huleta damu kwenye ngozi na kuliacha joto la ndani litoke. Anakula kiasi, na kabla ya kulala anakunywa bilauri kubwa ya mtindi pamoja na mayai mawili ya kuchemsha, kwa kuwa protini inayoliwa karibu na kulala humeng'enywa vizuri na kutumika kujenga misuli usiku.

Sasa usingizi humjia saa nne na robo, na hupata saa sita na dakika arobaini na tano, ambazo bado ni pungufu kidogo ya saa saba zinazopendekezwa kwa mtu mzima. Maumivu ya miguu yalirudi kuwa ya siku mbili katika wiki ya tatu, na baada ya wiki ya sita alinyanyua kilo 95 kwa marudio matano. Hatuwezi kudai kwamba usingizi peke yake ndio uliofanya hivyo, kwa kuwa mpango wa chakula na wa mazoezi ulibadilika kwa wakati mmoja, lakini unga wa protini hakuununua.

Kwa wanaomaliza kazi usiku sana, kama walinzi, wauguzi na wahudumu wa hoteli, ukumbi utabaki wazi kuanzia saa tatu hadi saa nne na nusu kwa kutembea kwenye mashine, baiskeli ya mwendo wa wastani, mazoezi ya kunyoosha viungo na vyuma vyepesi ambavyo unaweza kuvinyanyua huku ukizungumza bila kuhema. Anayeweza kulala hadi saa tatu asubuhi, kwa sababu zamu yake inaanza mchana, ana hali tofauti kabisa, nasi tutampa ruhusa ya kunyanyua vizito baada ya kuzungumza na kocha na kuonyesha ratiba yake ya kulala. Na mteja anayekoroma kwa nguvu, anayeamka akikosa pumzi, au anayekaa wiki kadhaa bila kupata usingizi hata katika siku asizofanya mazoezi, tunamwomba amwone daktari, kwa kuwa tatizo hilo haliwezi kutatuliwa kwa kubadilisha saa ya mazoezi. Daftari za kuandika mapigo na usingizi zinapatikana mezani kwa kocha bila malipo, na anayetaka kuhamishia siku yake ya miguu Jumamosi au Jumapili alasiri ajiandikishe mapema, kwani vyuma vya skwati tulivyo navyo ni seti tatu tu.